Ugumu wa Godoro na Kimo cha Mto: Mwongozo kwa Wanaolala Ubavu au Chali na Kuamka na Maumivu ya Shingo

Mtu anayeamka shingo ikiwa imekaza, hata akiitwa inambidi ageuze mwili mzima ndipo aitike, kwa kawaida huanza kwa kubadilisha mto. Hununua ulio mnene zaidi, usipomfaa hununua mwembamba, na mwishowe huona kwamba mito yote ni ileile. Tatizo hapo ni kwamba mto umechaguliwa kabla godoro halijajulikana. Kazi ya mto ni kujaza nafasi inayobaki kati ya kichwa na godoro baada ya mwili kubonyea, na nafasi hiyo huongezeka au kupungua kwa kadiri bega au mgongo unavyozama. Mtu yuleyule anayehitaji mto wa sentimita 12 juu ya godoro gumu anaweza kutosheka na wa sentimita 9 juu ya godoro laini. Kwa sababu hiyo tutaanza chini kabisa, kwenye chaga za kitanda, tupande hadi kwenye godoro, ndipo tufike kwenye mto. Vifaa vinavyohitajika ni futi kamba, rula, kamba ya kushonea, plasta, taulo ndogo, mashuka au kanga kadhaa, simu yenye kamera, dumu la lita 5 lililojaa maji, na mtu mmoja wa kukusaidia kwa muda mfupi.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba maumivu yanatokana na namna unavyolala

Maumivu yanayosababishwa na mto au godoro yana tabia yake. Huwa makali zaidi unapofungua macho, hupungua taratibu unapoanza kutembea na kuoga, na mara nyingi ifikapo saa nne asubuhi huwa yamelegea au yamekwisha. Dalili nyingine nzuri ni kwamba ukisafiri na kulala kwa ndugu au kwenye nyumba ya wageni, hali hubadilika, iwe kwa kupata nafuu au kwa kuzidiwa. Ikiwa shingo inakuuma zaidi jioni baada ya kutwa nzima ya kuinamia simu, kompyuta au cherehani, chanzo chako kikubwa kiko mchana, na mto utasaidia kidogo tu.

Zipo hali ambazo hazingoji jaribio lolote la mto. Homa pamoja na shingo iliyokakamaa na maumivu makali ya kichwa inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na mgonjwa anapaswa kupelekwa hospitali mara moja. Vivyo hivyo maumivu ya shingo au mkono yanayoambatana na kubanwa kifua, kutokwa jasho au kuishiwa pumzi. Wahi pia hospitali kama maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali, kama mikono imelegea kiasi cha kushindwa kufunga vifungo vya shati, au kama miguu imepoteza uimara wakati wa kutembea. Maumivu yanayokuamsha usiku kila unapojigeuza na hayapungui mchana, hasa yakiandamana na kupungua uzito, yanahitaji daktari, na hali kadhalika ganzi inayoshuka mkononi na kudumu baada ya kuamka.

Hatua ya 2: Jua mkao wako halisi wa usiku

Wengi hutaja mkao wanaoanza nao, wakati shingo huathirika kwa mkao wanaokaa nao muda mrefu. Njia rahisi ni kuangalia ulivyo unapoamka usiku wa manane na unapoamka alfajiri, kwa siku tano au sita mfululizo, na kuandika pembeni: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, chali au kifudifudi. Anayelala naye chumba kimoja anaweza kuthibitisha. Ukigundua kwamba unalala kifudifudi, fahamu kwamba shingo inakuwa imepinda upande mmoja kwa saa nyingi ili pua ipate hewa, na hakuna kimo cha mto kinachoondoa mpindo huo; la kufanya ni kujizoeza kulala ubavu huku umekumbatia mto mrefu.

Andika pia upande unaouma. Anayelala ubavu wa kulia juu ya mto mfupi kichwa chake huangukia kwenye godoro, kwa hiyo misuli ya upande wa juu, yaani wa kushoto, huvutika usiku kucha huku viungo vya upande wa kulia vikibanwa. Mto mrefu mno hugeuza mambo hayo. Maumivu pekee hayakuambii ni lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu upande uliovutika na upande uliobanwa wote huweza kuuma. Picha ya hatua ya 5 ndiyo itakayoamua.

Hatua ya 3: Kagua chaga na godoro ulilonalo

Toa godoro, uangalie chaga. Zilizovunjika, zilizopinda katikati au zilizoachana sana huliacha sponji likining'inia, na mlalaji hudhani godoro limeisha. Nafasi ya takriban sentimita 5 hadi 7 kati ya chaga na chaga inatosha. Ikizidi sana hapo, ongeza chaga au tandika ubao wa plaiwudi wenye matundu machache ya kupitisha hewa. Matundu hayo yasipuuzwe hasa maeneo ya pwani, kwani godoro lililolazwa juu ya ubao usiopumua hushika unyevu na kuota ukungu chini.

Rudisha godoro, uvute kamba ya kushonea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ikiwa imenyooka juu ya sehemu unayolala, kisha pima kwa rula kutoka kwenye kamba hadi chini ya shimo. Godoro likiwa na bonde la sentimita 3 au zaidi bila mtu juu yake, hakuna mto utakaokupa matokeo ya kuaminika, maana nyonga huzama shimoni na mabega hubaki ukingoni. Ligeuze, kichwani kuwe miguuni, au upande wa chini uje juu kama linaruhusu. Bonde likirudi baada ya siku chache, godoro hilo limekwisha kazi yake.

Hatua ya 4: Pima ugumu kwa mwili wako, usitegemee jina

Imani ya kwamba godoro gumu ndilo dawa ya mgongo na shingo imeenea sana, na nadhani ndiyo inayowaumiza zaidi wanaolala ubavu. Mwaka 2003 lilichapishwa jaribio lililofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baadhi yao walipewa magodoro magumu na wengine ya ugumu wa kati, nao wakafuatiliwa kwa siku 90. Waliopata ya ugumu wa kati ndio waliopata nafuu zaidi. Jaribio hilo lilihusu kiuno na si shingo, kwa hiyo halikupi kimo cha mto, lakini linatosha kuondoa ile hofu kwamba kila godoro linalobonyea ni baya.

Anayelala ubavu ana bega moja linalobeba sehemu kubwa ya uzito wa kiwiliwili cha juu. Godoro likiwa gumu mno, bega halizami. Husukumwa juu kuelekea sikioni au mbele kuelekea kifuani, na shingo hupinda nalo. Dalili zake ni mkono wa chini kufa ganzi, bega kuuma unapolala muda mrefu upande mmoja, na kujigeuza kila mara. Likiwa laini mno, nyonga ndiyo inayozama kupita bega, kiuno kikaning'inia, na uti wa mgongo ukachukua umbo la mtumbwi. Godoro linalomfaa ni lile ambalo bega na nyonga vinazama vya kutosha, huku kiuno kikiguswa na godoro badala ya kuelea.

Anayelala chali ameugawa uzito wake kwenye eneo kubwa zaidi, kwa hiyo anavumilia godoro gumu kidogo kuliko mwenzake. Kipimo chake ni mkono. Lala chali miguu imenyooka, kisha upitishe kiganja chini ya kiuno. Kikipita kama kwenye uchochoro bila kugusa pande zote mbili, godoro ni gumu kwako. Kikikataa kabisa kuingia, umezama. Kikipita huku kinagusa mgongo na godoro kwa pamoja, ugumu huo unakufaa.

Uzito wa mwili hubadilisha kila kitu. Godoro ambalo mtu wa kilo 50 analihisi kama ubao linaweza kuwa la wastani kwa mtu wa kilo 75 na laini kwa mtu wa kilo 100. Ndiyo maana ushauri wa muuzaji au wa jirani hauwezi kuchukua nafasi ya kulala juu ya godoro lenyewe, kwa mkao wako wa usiku, kwa dakika 10 hadi 15, ukiwa na mto wenye kimo kinachokaribia chako. Kukaa ukingoni na kudundadunda hakupimi chochote kinachohusu shingo.

Ukiwa dukani utakutana na neno densiti na herufi HD, yaani densiti ya juu. Densiti ni kilo za sponji katika mita moja ya ujazo, nayo hueleza zaidi ni muda gani sponji litadumu kabla ya kutengeneza bonde. Haielezi ugumu moja kwa moja, kwa kuwa viwanda huweza kutengeneza sponji mbili za densiti moja, moja laini na nyingine ngumu. Unaweza kuihakiki kwa mzani. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 lina takriban mita za ujazo 0.57, likiwa na densiti ya 25 sponji lake linapaswa kuwa na uzito wa kama kilo 14, na kitambaa huongeza kidogo. Ukilikuta lina kilo 10, basi densiti yake haifiki hata 18, na litabonyea mapema hata kama leo ni gumu.

Unene nao una kazi yake. Godoro la inchi 4 likilaliwa ubavu na mtu mzima, bega humaliza sponji lote na kugonga chaga, na ugumu anaousikia ni wa mbao. Inchi 6 ndizo ningeziita kiwango cha chini kwa mtu mzima wa uzito wa kati, na inchi 8 au zaidi kwa anayekaribia kilo 90.

Si lazima ununue jipya. Godoro zima lisilo na bonde lakini gumu kwa bega linaweza kurekebishwa kwa kutandika juu yake sponji laini la inchi 2, ambalo mafundi wa masofa na wauza sponji hukata kwa kipimo unachotaka kwa bei ndogo mno ukilinganisha na godoro. Kinyume chake hakiwezekani: godoro lililolainika na kubonyea halifanywi gumu kwa kuongezewa kitu juu, kwa kuwa kilichoongezwa hufuata bonde lililo chini yake.

Hatua ya 5: Tafuta kimo chako kwa mashuka yaliyokunjwa

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Usipime kwa mto, kwa sababu mto hubonyea na kukudanganya. Kunja mashuka au kanga ziwe na ukubwa wa mto mdogo, kisha uzirundike moja juu ya nyingine. Mrundo huo haubonyei sana, na unaweza kuongezwa au kupunguzwa kwa nusu sentimita.

Kwa anayelala ubavu, anza na makadirio ya ukutani. Simama ubavu ukiuelekea ukuta, ncha ya bega iguse ukuta bila kuegemea, kichwa kiwe wima, na msaidizi apime kutoka ukutani hadi sikioni. Watu wazima wengi hupata kati ya sentimita 12 na 17. Toa sentimita 2 kama godoro lako ni gumu, 3 ikiwa ni la kati, 4 au 5 ikiwa ni laini. Tengeneza mrundo wa kimo hicho, lala juu yake kwenye godoro lako mwenyewe, bega likiwa kwenye godoro na si juu ya mashuka. Kosa la kupandisha bega kwenye mto ni la kawaida mno, na peke yake linatosha kuharibu kipimo kizima.

Sasa picha. Mvalishe mlalaji nguo inayoonyesha mgongo, kisha msaidizi abandike vipande vitatu vidogo vya plasta: cha kwanza kwenye ile pingili inayochomoza chini ya shingo mtu anapoinamisha kichwa, cha pili katikati ya mabapa ya mabega, cha tatu juu kidogo ya mkanda wa suruali. Apige picha kutoka nyuma, simu ikiwa kwenye usawa wa godoro na ikiwa imenyooka. Vipande vitatu vikiwa kwenye mstari mmoja ulionyooka, godoro liko sawa. Na mstari huo ukiendelea hadi katikati ya kisogo, mrundo uko sawa. Kisogo kikiwa chini ya mstari, ongeza shuka. Kikiwa juu, punguza. Kwa mbele, hakiki kwamba pua, kidevu na kile kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari vimefuatana kwenye mstari unaokwenda sambamba na godoro. Ukiridhika, lala dakika tano ili kila kitu kitulie, piga picha nyingine, kisha pima mrundo kwa rula huku kichwa kikiwa bado juu yake. Hicho ndicho kimo chako juu ya godoro hilo.

Kwa anayelala chali, makadirio ya ukutani hufanywa kwa kuegemeza visigino, makalio na mgongo ukutani, macho yakitazama mbele kwa usawa. Nafasi kati ya kisogo na ukuta ndiyo makadirio ya kimo cha mto chini ya kichwa. Kwa kijana mwenye mgongo ulionyooka inaweza kuwa sentimita 2 au 3 tu. Kwa mtu mzima aliyezoea kuinama inaweza kufika 6 au 7, na kwa mzee mwenye mgongo uliopinda ikazidi hapo. Mzee huyo asilazimishwe mto mwembamba kwa sababu kijana umemfaa. Kichwa chake kitarudi nyuma na shingo itabanwa.

Akilala juu ya mrundo, picha hupigwa kutoka ubavuni. Paji la uso na kidevu vinapaswa kuwa karibu usawa mmoja, paji likiwa juu kidogo tu. Kidevu kikielekea kifuani, mrundo ni mrefu. Kidevu kikielekea darini, ni mfupi. Kisha litazamwe bonde la shingo. Pingili 7 za shingo zimejipinda kiasili kuelekea mbele, na mtu akilala chali mpindo huo huacha uwazi kati ya shingo na kitanda. Mto ulio bapa hubeba kisogo peke yake na kuuacha uwazi huo bila kitu. Viringisha taulo ndogo iwe na unene wa sentimita 5 hadi 8, uiweke ndani ya foronya kwenye ukingo wa chini wa mto, iguse shingo bila kuisukuma juu. Kama unahisi inakunyanyua kichwa, imezidi.

Nywele nazo huhesabiwa. Mwanamke aliyesuka rasta na kuzifunga fundo kisogoni anaongeza sentimita kadhaa chini ya kichwa bila kugusa mto, na akilala chali kidevu humshuka kifuani hata kama mto ni ule uliomfaa wiki iliyopita. Pima ukiwa na nywele kama unavyolala nazo, fundo lihamishiwe utosini, au mto upunguzwe kwa kipindi ambacho msuko upo.

Hatua ya 6: Tafuta mto unaobaki kwenye kimo hicho

Kimo kinachotajwa dukani ni cha mto usio na kichwa juu yake, na kwako hakina maana kubwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 4 hadi 5, kwa hiyo dumu la lita 5 lililojaa maji linakikaribia vya kutosha. Liweke katikati ya mto ulio juu ya meza, subiri dakika 15, upime kimo cha mto chini ya dumu. Ukiwa dukani bila dumu, muombe muuzaji nafasi ya kuulalia mto juu ya godoro.

Mto wa nyuzi laini, ule mweupe unaoonekana kama umejazwa pamba, huvimba hadi sentimita 15 ukiwa mpya na kushuka hadi 6 au 7 chini ya dumu, na huendelea kushuka usiku unavyokwenda. Unamfaa zaidi anayelala chali. Mto wa vipande vya sponji hushikilia kimo vizuri zaidi, lakini vipande huhama na kuacha kichwa kimelala juu ya uvimbe. Mto wa sponji zima au wa mpira hubadilika kidogo sana na ndio ulio rahisi kuupatia kipimo. Ule wa sponji linalobonyea polepole na kushika umbo la kichwa huathiriwa na hali ya hewa: katika baridi ya usiku wa Njombe au Limuru huwa mgumu na mrefu zaidi kuliko ulivyo Tanga au Mombasa.

Mto wa sufi unastahili heshima kuliko unaopewa siku hizi. Una sifa moja ambayo mito mingi ya dukani haina, nayo ni kwamba unaweza kufumuliwa mshono wa upande mmoja, sufi ikatolewa au kuongezwa kwa konzi hadi kimo kitimie, kisha ukashonwa tena. Kwa anayebadilisha mkao kati ya ubavu na chali ni mzuri hasa, kwa sababu sufi inaweza kusukumwa pembeni, katikati pakawa pafupi pa kulalia chali na pande zikawa ndefu za kulalia ubavu. Hujikusanya na kuwa mabonge, kwa hiyo uanikwe juani na kuchambuliwa mara kwa mara. Mwenye pumu au mafua ya mzio wa vumbi atafute aina nyingine.

Mto ukipungukiwa sentimita moja au mbili, weka shuka lililokunjwa chini yake, ndani ya foronya ili lisihame. Ukizidi na hauwezi kupunguzwa, usijifariji kwamba utauzoea.

Mfano: mke na mume kitanda kimoja

Tuchukue mke wa kilo 58 anayelala ubavu wa kulia na mume wa kilo 92 anayelala chali, juu ya godoro jipya la futi 5 kwa 6, inchi 8, gumu. Mke huamka na maumivu upande wa kushoto wa shingo pamoja na ganzi ya mkono wa kulia inayoisha akiukunjua. Mume huamka na mkazo unaotoka kisogoni hadi mabegani.

Mume akipitisha kiganja chini ya kiuno, kinapita kikigusa pande zote. Kwake godoro ni sawa. Mke akipigwa picha ya plasta, bega halijazama na kiuno kinaelea. Kununua godoro laini kwa ajili yake kungemzamisha mume, kwa hiyo nafuu ni kutandika sponji laini la inchi 2 lenye upana wa futi 2 na nusu upande wa mke tu, na shuka likafunika kitanda chote. Ngazi inayobaki katikati hulainishwa kwa blanketi lililotandikwa upande wa mume.

Kabla ya sponji, mrundo wa mashuka ulimpa mke kimo cha sentimita 12. Baada ya sponji, bega limezama na kimo kimekuwa 10. Mto wake wa nyuzi, chini ya dumu, una sentimita 6, maana yake kila usiku kichwa kilikuwa kikining'inia sentimita kadhaa chini ya mstari, na ndiyo sababu upande wa juu wa shingo ulikuwa ukivutika. Alikuwa amejaribu kuweka mito miwili ya aina hiyo; kimo kilifika 12, lakini mito iliteleza na kichwa kikaangukia katikati. Mume naye, mrundo ulimpa sentimita 6, ilhali mto wake wa sponji zima una 9 chini ya dumu, na picha ya ubavuni inaonyesha kidevu kimeelekea kifuani.

Wakabadilishana mito. Mke akatumia mto wa sponji na shuka lililokunjwa la sentimita 1 chini yake. Mume akachukua mto wa nyuzi na taulo iliyoviringishwa chini ya shingo. Mke akaongeza mto mwembamba kati ya magoti, unaozuia nyonga ya juu kuanguka mbele na kuuzungusha mgongo, na mwingine wa kukumbatia, unaozuia bega la juu lisivute shingo. Pesa iliyotumika ni ya sponji la inchi 2 tu.

Hatua ya 7: Jaribu kwa wiki mbili, ukibadilisha kitu kimoja kwa wakati

Mkao mpya huweza kuleta ugeni kwa siku mbili tatu za kwanza, hasa kwa aliyelalia mto mrefu kwa miaka. Ugeni huo ni tofauti na maumivu kuzidi. Yakizidi kwa asubuhi tatu mfululizo, rudi kwenye picha kabla ya kubadilisha chochote. Vinginevyo badilisha kimo kwa sentimita 1 tu, ukae nacho usiku tatu au nne, uandike kila asubuhi maumivu kwa alama ya 0 hadi 10 na saa yalipokwisha. Ukibadilisha godoro, mto na mkao usiku mmoja, hutajua kilichokusaidia wala kilichokudhuru.

Katika siku hizo pima mto alfajiri, mara tu unapoinuka, kabla haujavimba tena. Mto uliokuwa sentimita 10 saa nne usiku na kukutwa 7 alfajiri haukubebi katika saa za mwisho za usingizi, na hapo dawa ni kubadilisha kilichojazwa ndani yake, kwa maana ukiuongeza tu utaanza usiku ukiwa juu mno. Wiki mbili zikipita, picha ikiwa imenyooka, kimo kikiwa kinabaki palepale, na alama za asubuhi hazijashuka, tatizo lako haliko kitandani. Nenda kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, ukichukua picha zako na daftari la alama, kwa kuwa vitampunguzia maswali mengi ya mwanzo.

Rudia kipimo cha mrundo kila unapobadilisha godoro, godoro linapofikisha miezi michache na kulainika, uzito wako unapoongezeka au kupungua kwa kilo nyingi, na katika ujauzito, ambapo mlalaji wa chali hulazimika kuhamia ubavuni na kimo chake cha zamani hakimfai tena.